YAH: Kusitisha mkataba wa tovuti ya duka na kukabidhiwa mali zake zote

Duka la vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo
Dar es Salaam
16 Juni 2025

Ndugu fundi,

Salaam. Rejea mkataba tuliosaini tarehe 3 Februari 2025. Kwa barua hii nausitisha chini ya kifungu cha 7, kinachomruhusu yeyote kati yetu kujitoa kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Siku ya mwisho ni Jumatatu, 30 Juni 2025.

Sababu unazijua. Kazi ilikuwa iishe 30 Aprili. Nimekulipa Sh 1,600,000 kati ya 2,400,000, na hadi leo mteja akibonyeza "Lipa" anakutana na ukurasa wenye maneno ya Kilatini. Kabla ya Idi nilikutumia ujumbe mara sita. Tiki zikawa bluu, jibu halikuja, na mzigo wa Idi bado umejaa stoo.

Jambo la kwanza ni jina la tovuti. Ulilisajili la .co.tz kwa jina lako, ilhali risiti ya malipo ninayo mimi. Naomba umiliki uhamishiwe jina la duka na baruapepe yangu, kisha unipe msimbo wa kulihamisha kwa msajili mwingine. Kurasa zikipotea zitatengenezwa upya, lakini jina limeshachapwa kwenye mifuko 2,000.

Pili, naomba nywila ya cPanel, na akaunti yangu ya WordPress ipandishwe kutoka Editor hadi Administrator. Pamoja nazo nahitaji nakala kamili ya folda ya public_html, hifadhidata katika faili la .sql, na picha halisi za vitenge ulizopiga dukani, zile kubwa, si zilizopunguzwa. Akaunti za baruapepe za duka, Google Analytics na lango la malipo nazo zihamishiwe kwangu. Nikishapokea nitabadilisha nywila zote, hivyo usishtuke ukijikuta nje.

Kwa kifungu cha 9, kila kilicholipiwa ni mali ya duka, pamoja na msimbo na michoro. Usifute, usizime wala usibadilishe chochote kwenye seva kabla ya makabidhiano. Taarifa za wateja waliojiandikisha usibaki na nakala yake.

Kurasa za bidhaa ulizimaliza, na zinapendeza. Kwa hizo nitakuongezea Sh 250,000 siku hiyohiyo, nikishaingia mwenyewe kwenye kila akaunti na kuiona bekapu ikifunguka kwenye kompyuta nyingine. Salio lililobaki halitalipwa, kwa kuwa kazi yake haikufanyika.

Njoo dukani Ijumaa, 27 Juni, saa nne asubuhi, tusaini hati ya makabidhiano. Kama huwezi, nijibu kwa baruapepe kabla ya Jumatatu ijayo, 23 Juni. Simu sitapokea kwa suala hili.

Wako,
Mwenye duka