WARAKA WA NDANI: Hatua za kupunguza gharama, Julai hadi Desemba 2026

KUTOKA: Meneja Mkuu
KWA: Wafanyakazi wote wa kiwanda cha mikate
TAREHE: 22 Juni 2026

Ndugu wafanyakazi,

Gharama za uendeshaji zimepanda kutoka shilingi milioni 61 kwa mwezi hadi milioni 74, hasa umeme, dizeli na unga. Mauzo hayajapanda. Tatizo si uzembe wenu. Mikate inayorudishwa na maduka imepungua tangu Januari, na hiyo ni kazi ya mikono yenu. Lakini tusipopunguza milioni 9 kwa mwezi, akiba ya kiwanda itaisha kabla ya mwaka kwisha.

Hatua hizi zinaanza tarehe 1 Julai.

Umeme. Bili ya TANESCO ina sehemu inayotozwa kwa kVA za juu kabisa tulizofikia ndani ya mwezi, yaani umeme mwingi zaidi tuliouvuta kwa wakati mmoja. Oveni zote nne zikiwashwa kwa pamoja alfajiri moja tu, kilele hicho tunakilipia mwezi mzima. Kwa hiyo oveni ya 1 itawashwa saa 9:00 usiku, ya 2 saa 9:30, ya 3 saa 10:00 na ya 4 saa 10:30. Wakandaji nao wafuate mpishano huo huo wa nusu saa. Kinyunga cha oveni ya 4 kikikandwa mapema kitaumuka kupita kiasi na mkate utabonyea ukiwa ndani. Umeme ukikatika na kurudi, msiwashe zote kwa mkupuo. Anzeni tena na ya 1.

Jenereta halitawashwa kwa ajili ya ofisi peke yake. Ni la oveni na vyumba vya baridi.

Saa za ziada zitahitaji kibali cha maandishi cha msimamizi wa zamu kabla ya kazi kuanza. Zilizokwisha kufanywa mwezi huu zitalipwa zote, mara moja na nusu kama kawaida. Najua wengine mnazitegemea kwa ada na kodi ya nyumba, ndiyo maana nawapa taarifa mapema.

Posho za mameneja, yangu ikiwamo, zinapunguzwa kwa asilimia 20, na gari la ofisi litauzwa.

Mshahara wa msingi, michango ya NSSF, bima ya afya, likizo, glavu za oveni na usafiri wa zamu ya usiku havitaguswa. Hakuna atakayepunguzwa kazi kutokana na hatua hizi.

Uamuzi wa kupunguza gharama umekwisha kupitishwa. Namna ya kuutekeleza bado inaweza kuboreshwa, na nyinyi mnaijua mitambo kuliko ofisi. Tutakutana kantini Jumatatu, 6 Julai, saa 8:00 mchana, pamoja na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Zamu ya usiku itakuwa na kikao chake siku hiyo hiyo saa 3:00 usiku. Bili ya umeme ya kila mwezi itabandikwa ubaoni, ya Juni ikiwa ya kwanza.

Meneja Mkuu