YAH: Ombi la kuhama kabla ya mkataba kuisha kwa sababu ya usalama, na hesabu ya amana

Kwa Mama Rehema, mwenye nyumba
Kutoka kwa Baba Zawadi, mpangaji wa nyumba ya nyuma
14 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu unaendelea vizuri tangu tulipoongea kwenye simu. Siku ile ulikuwa safarini na sauti ilikuwa inakatika, nikaona si vizuri kukutwisha mambo mazito njiani. Nimeona niyaandike, uyasome kwa nafasi yako, na kila mmoja wetu abaki na nakala.

Naomba ridhaa yako tuhame tarehe 31 Oktoba 2025, miezi mitatu kabla ya mkataba wetu kufika mwisho wake wa tarehe 31 Januari 2026. Naomba pia tuelewane mapema jinsi amana yetu ya kodi ya miezi miwili itakavyohesabiwa na kurudishwa. Kinachotuondoa ni usalama wa eneo. Nyumba yenyewe hatuna neno nayo, na wewe binafsi umetutendea kama watoto wako. Zawadi alipolazwa, ulikuwa mtu wa kwanza kufika.

Mambo ya huku mengi umeyasikia nusunusu, mengine kwa mlinzi wa nyumba ya mbele ambaye kila tukio kwake ni dogo. Acha niyapange.

Jumatano tarehe 18 Juni, saa mbili usiku, mke wangu alinyang'anywa mkoba kwenye kichochoro kinachotoka barabarani, akitokea kazini. Walikuwa vijana wawili, mmoja ana panga. Hakuumizwa, ila tangu siku hiyo nalazimika kwenda kumpokea kituoni kila anapoingia zamu ya jioni, na mtoto namwacha kwa jirani. Tulitoa taarifa polisi asubuhi yake. Mwezi uliofuata, usiku wa Jumamosi tarehe 19 Julai, jirani wa upande wa kushoto alivunjiwa mlango akiwa msibani, wakabeba hadi godoro. Hapo ndipo ulipoleta taa ya nje na kuifunga kwa gharama yako. Sijasahau. Wala si kosa lako kwamba ilidumu usiku nne tu, wa tano tukakuta waya unaning'inia.

Tungeweza kuvumilia hayo. Tulijisemea kwamba mtaa wowote una wezi wake. Kilichotushinda ni usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 28 Agosti.

Niliamshwa na sauti nyembamba, kama panya anakwaruza bati. Nikanyamaza kuisikiliza. Inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza tena, kwa mpangilio wa mtu asiye na haraka. Nilipofika mlangoni kwa chumba cha mtoto nikaona kivuli nyuma ya pazia, na mkono ukiwa ndani tayari, unapapasa komeo la dirisha. Nilipiga kelele zangu zote. Waliruka ukuta na kukimbia. Asubuhi tulikuta nondo mbili za grili zimekatwa kwa msumeno, ya tatu imefika nusu, na kwenye kizingiti cha dirisha umejaa unga wa chuma, laini kama wa kusagwa. Zawadi aliugusa kwa kidole akauliza ni nini. Kitanda chake kiko chini ya dirisha hilo.

Tangu siku hiyo analala chumbani kwetu, na analala na viatu. Ukimvua usiku, anaamka na kuvitafuta. Ana miaka saba, Mama. Mwalimu wake ameniita akasema mtoto anasinzia darasani. Sisi wenyewe tunapokezana, mmoja alale mpaka saa nane, mwingine achukue kuanzia hapo. Kazini naenda kama mlevi.

Wiki iliyopita, Jumanne usiku, walirudi. Safari hii hawakufika dirishani, walitikisa geti na mmoja akacheka. Najua unaweza kuniambia kutikisa geti si wizi. Kwangu mimi kicheko kile ndicho kilichomaliza maneno.

Taarifa zote mbili, ya Juni na ya Agosti, ziko polisi na namba zake ninazo. Nakala nimeziambatanisha na barua hii pamoja na picha za grili nilizopiga asubuhi ile kabla ya fundi kuigusa. Nimeshazungumza pia na viongozi wa mtaa. Ulinzi wa zamu wa wakazi ulianza kwa kishindo, ukafifia baada ya wiki tatu. Wazo la kuongeza ukuta na kuweka waya wa miba uliniambia haliwezekani mwaka huu, na nakuelewa. Nyumba ina gharama zake ambazo mpangaji hazioni. Nataja haya yote ili ujue tulijaribu kubaki.

Sasa nije kwenye mkataba, maana najua ndipo utakapotazama, na ni haki yako.

Kifungu cha 9 kinasema mpangaji atakayeondoka kabla ya miezi 12 kutimia "bila makubaliano" atapoteza amana. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kufunga virago. Ninakuja kwako kutafuta makubaliano. Kifungu cha 6 nacho kinaeleza amana ni ya nini: kodi isiyolipwa, bili zilizobaki, na uharibifu uliosababishwa na mpangaji, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Kinasema irudishwe ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi funguo. Nikivisoma viwili hivi pamoja, naona amana ni dhamana, imewekwa kukulinda usipate hasara. Basi naomba tuhesabu hasara iliyopo kweli, kinachobaki kirudi kwetu.

Kodi yetu imelipwa hadi 31 Oktoba, hakuna mwezi tunaodaiwa. Notisi kwenye mkataba ni miezi miwili. Kuanzia leo, miezi miwili inatimia tarehe 14 Novemba, na mimi naomba kutoka tarehe 31 Oktoba. Nimepungukiwa siku 14. Hizo nakubali zikatwe kwenye amana bila ubishi. Nina ombi moja tu juu yake: kama mpangaji mwingine ataingia kabla ya tarehe 14, zikatwe siku ambazo nyumba ilikaa tupu, kwa kuwa si sawa siku moja ilipiwe kodi na watu wawili.

Kuhusu kupata mpangaji, nimeanza kukusaidia. Kuna vijana wawili wa ofisini kwetu, hawana watoto, wanaotafuta nyumba ya ukubwa huu. Waliniuliza kwa nini nahama, nikawaambia yote, pamoja na lile la dirisha. Najua pengine ungependa ningenyamaza, lakini sikuweza kumwingiza mwenzangu gizani kisha nionane naye kazini kila asubuhi. Bado wanataka kuja kuiona. Wao ni wanaume tu, na wanasema wana mbwa, kama hutajali mbwa. Wengine ukiwapata mwenyewe, wakaribishe waione siku yoyote baada ya saa kumi jioni, na Jumamosi kutwa. Unijulishe tu siku moja kabla.

Kwenye uharibifu nitakuwa muwazi. Kigae kimoja cha jikoni tulikivunja sisi, sufuria ilianguka. Nitakibadilisha kabla ya kutoka, na nikishindwa kupata cha rangi ileile, kata gharama yake. Matundu ya misumari sebuleni nitayaziba na kupaka rangi ukuta huo mmoja. Bomba la sinki linalovuja nilikuarifu mwezi Machi, tena kwa maandishi, kwa hiyo hilo naomba lisihesabiwe upande wetu. Rangi iliyofifia upande wa jua na bawaba za kabati zilizolegea ni za kukaa, hata wewe ungeishi humo zingelegea.

Grili ndiyo ninayoihofia kidogo, kwa hiyo niisemee kabisa. Nondo zilikatwa na wezi. Nilimwita fundi akaziunga siku hiyohiyo, kwa sababu hatungeweza kulala dirisha likiwa wazi, na nikamlipa kutoka mfukoni. Risiti ninayo. Sidai unirudishie. Ila naomba isije ikaonekana ile alama ya kuchomelea ikaandikwa kama uharibifu wa mpangaji. Kitasa kipya cha mlango wa mbele, ambacho nacho nilinunua mimi, nakuachia pamoja na funguo zake zote tatu.

Bili ya maji ya Oktoba itatoka baada ya sisi kuhama. Napendekeza tusome mita pamoja siku ya makabidhiano, tupige hesabu kwa usomaji huo, nilipe palepale.

Kwa makabidhiano yenyewe, naomba tukutane nyumbani Ijumaa tarehe 31 Oktoba, saa nne asubuhi. Kama mguu hautakuruhusu, mtume yeyote unayemwamini, ilimradi awe na ruhusa yako ya kuweka sahihi. Tupite chumba kwa chumba na ile orodha tuliyosaini siku ya kuingia, kila tunachokiona tukiandike, tusaini wote wawili. Kitakachokatwa kiandikwe na bei yake na sababu yake siku hiyo, kisikumbukwe baadaye. Salio la amana, nashukuru likinifikia kwa njia ileile niliyokutumia kodi, kabla ya tarehe 30 Novemba. Nisikufiche, tunakokwenda nako wanataka amana, na fedha hii ndiyo tunayoitegemea kuziba pengo.

Naomba jibu lako kwa maandishi kabla ya tarehe 28 Septemba, hata kama ni ujumbe wa simu wa mistari miwili, ili nianze kupanga gari na shule ya mtoto. Ukiona kuna jambo hapa halikukaa sawa kwako, niambie ni lipi na wewe unaonaje. Niko tayari kuja tuzungumze Jumapili yoyote mchana, na kama itafaa zaidi, tumwite shemeji yako aliyekuwa shahidi siku ya kusaini, asikilize pande zote. Sipendi tufike kwenye baraza la usuluhishi kwa jambo ambalo sisi wawili tunaweza kulimaliza sebuleni kwako.

Mpaka siku ya mwisho tutaitunza nyumba kama tulivyoitunza. Mama Zawadi anakusalimu sana. Anasema ile miche ya maua pembeni ya ngazi hataing'oa, utaikuta.

Wako,

Baba Zawadi
Mpangaji, nyumba ya nyuma

Viambatanisho: nakala mbili za taarifa za polisi, picha sita za dirisha, nakala ya risiti ya fundi, na nakala ya ujumbe wa Machi kuhusu bomba.