Naomba Mwalimu, Naomba

Saa 5:41 usiku
Naomba

Saa 5:42 usiku
Mwalimu naomba

Saa 5:58 usiku
Shikamoo mwalimu. Samahani kwa kukusumbua usiku huu, najua umepumzika. Naomba sana unisaidie, nipo chini ya miguu yako. Sina mtu mwingine wa kumwendea. Nimejaribu kila njia imeshindikana, nimelia mpaka basi. Mama hajui chochote na sijui nitamwambia nini. Nakuomba kama mwanao wa kumzaa. Wenzangu wote mambo yao yameshakaa sawa, nimebaki mimi tu. Usinikatalie mwalimu. Mungu ndiye anayejua ninayopitia. Hata ukisema nije nikufulie nguo nitakuja. Nimesikia wewe huwa huwatupi watu. Nijibu hata neno moja tu. Nasubiri. Naomba 🙏🙏🙏

Saa 12:25 asubuhi
Marahaba, mwanangu. Simu huwa naizima usiku, ndiyo maana hukunipata. Nimeona umebanwa na una hofu, ila shida yenyewe hukuiandika, wala jina lako. Kwa hiyo sijakukatalia, maana bado sijajua unaomba nini.

Kwanza hili: kama kuna mtu amekupiga au anakutishia, usiningoje mimi. Piga 112, au kama hujatimiza miaka 18 piga 116, ni bure. Kama ni mgonjwa, mpelekeni zahanati sasa hivi. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye steshenari, huko sina msaada wa haraka.

Kama si hayo, nabahatisha tu kwamba ni mkopo wa chuo, kwa sababu msimu huu ndipo namba yangu inapozunguka, na umesema wenzako wamekaa sawa. Basi niambie umekwama wapi. Hujaweza kufungua akaunti kwenye OLAMS, ule mfumo wa kuombea mkopo? Umelipa ile ada ya maombi na mfumo hauoni malipo? RITA hawajarudisha uhakiki wa cheti cha kuzaliwa? Majina ya cheti cha kuzaliwa hayalingani na ya cheti cha kidato cha nne? Hilo la mwisho ndilo linaloliza wengi, na kila moja hapo lina njia yake. Ya RITA huwezi kuyamaliza kwa HESLB, yaani bodi ya mkopo, na udahili ni wa chuo na TCU, bodi haihusiki nao. Ukigonga mlango usio wake utazungushwa mpaka dirisha lifungwe.

Kuna binti aliniandikia juzi hivi: "Mwalimu, nimelipia maombi jana mchana kwa simu, ujumbe wa malipo ninao, lakini nikiingia kwenye akaunti bado inanidai. Namba ya mtihani niliyojaza ni ya kidato cha sita." Mistari mitatu tu, na kosa nililiona kabla sijamaliza kusoma: pale inatakiwa ya kidato cha nne. Nawe niandikie namna hiyo. Nini ulikuwa unafanya, lini, na kioo kimeandika maneno gani. Kipige picha ukiweza, hata ikiwa na ukungu nitasoma. Nitajie pia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na S, au P kama ulijisajili mwenyewe, pamoja na mwaka.

Neno la siri usinitumie, mimi wala mtu mwingine yeyote. Na kama jana usiku, katika kuhangaika, kuna mtu amekwambia ana ndugu yake ndani ya bodi umtumie hela akusukumie faili, usimtumie. Kama umeshatuma, niambie bila aibu. Hilo nalo tutajua pa kulipeleka.

Kuhusu mama, mimi ningemwambia leo leo. Fomu ina sehemu ya mdhamini, na kwa wengi anayesaini ni mzazi huyohuyo, na picha yake inabandikwa. Halafu fomu inapita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa hakimu au wakili, kwa hiyo siri hii haifiki mbali.

Nguo zangu nafua mwenyewe, usijali. Kukuelekeza kwa simu ni bure. Ukija dukani utalipia kuchapa na kuskani, bei ni ileile ya kila mtu.

Nafungua saa 2 asubuhi, nipo mpaka saa 1 jioni. Umeme ukikatika nitakuwa najibu kwa simu, ila picha zitachelewa kufunguka. Anza na jina lako.