Taarifa ya kumwagika kwa asidi ya nitriki, Maabara 214

KWA: Ofisi ya Usalama ya Chuo
KUTOKA: Mwanafunzi wa kigeni, uzamili mwaka wa kwanza, Idara ya Kemia
TAREHE: 13 Machi 2025
YAH: AJALI YA TAREHE 12 MACHI 2025 NA HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Jana saa 9:40 alasiri chupa ya asidi ya nitriki ya asilimia 65 ilianguka na kupasuka katika Maabara 214. Ndani yake zilikuwamo takribani mililita 250. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na mwanafunzi mwenzangu wa kundi la utafiti. Msimamizi wetu alikuwa safarini. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo.

Chupa ilikuwa kwenye rafu ya chini ya kabati la asidi. Mwenzangu alipofungua mlango, kishikizo cha plastiki kinachobeba rafu upande wa kushoto kilikatika, rafu ikainama, chupa ikateleza hadi sakafuni. Kishikizo kilichobaki upande wa kulia nacho kimepauka na kina nyufa. Nimekipiga picha, naiambatisha.

Matone machache yalimrukia mwenzangu kwenye kifundo cha mkono, juu ya glavu. Nilimwambia avue glavu na koti hapohapo, nikampeleka kwenye bafu la dharura lililo kwenye korido, akakaa chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya ukutani. Ngozi ilibaki na madoa ya njano, jambo la kawaida asidi hii inapogusa ngozi, lakini haikutoka malengelenge.

Wakati yeye yuko kwenye maji, nilichungulia ndani kupitia kioo cha mlango. Asidi ilikuwa imefika kwenye mguu wa chuma wa meza na moshi wa kahawia ulikuwa umeanza kupanda. Hiyo ni nitrojeni dioksidi. Kabla ya hapo nilikuwa na nia ya kurudi na kusafisha mwenyewe. Nilipouona moshi niliiacha nia hiyo. Niliufunga mlango, makabati ya kufyonza mvuke yakiwa bado yanafanya kazi, nikawatoa wenzetu wa Maabara 216, kisha nikapiga namba ya dharura iliyobandikwa ukutani. Nilitaja jina la kemikali, kiasi, ukali wake, na kwamba kuna moshi.

Naomba ofisi iitazame kwa makini hatua inayofuata. Mhudumu wa usafi wa ghorofa yetu alifika kabla ya kikosi chenu, akiwa na ndoo ya maranda ya mbao, kwa nia njema kabisa. Nilimzuia mlangoni. Asidi ya nitriki kali ikikutana na maranda, karatasi au kitambaa inaweza kuwasha moto, na moshi ule ungeongezeka. Alinielewa, na akanisaidia kuzuia watu wasipite kwenye korido. Baadaye niliangalia sanduku la dharura la ghorofa nikakuta kifyonzi kilichomo nacho ni cha unga wa mbao. Kinafaa kwa mafuta. Kwa asidi hii hakifai, na kwenye sanduku hakuna maandishi yanayosema hivyo.

Fundi wa maabara alifika saa 10:05 na mwenzake wa kikosi, wamevaa barakoa zenye chujio. Niliwapa karatasi ya taarifa za usalama ya kemikali na kuwaambia ni wapi ilipo ndoo ya sodiamu bikaboneti. Kwa kiasi kile zinahitajika gramu 300 hivi. Wao walitumia zaidi, wakianzia pembeni kuelekea katikati kwa sababu ya povu. Karatasi ya pH ilipoonyesha 7, walizoa mabaki kwa koleo na sepetu ya plastiki. Ndoo ya taka haikufungwa kwa kukazwa, maana gesi ilikuwa bado inatoka, na imewekwa mbali na taka za asetoni na ethanoli.

Sote wawili tulikwenda zahanati ya chuo jioni, ingawa mimi sikuwa na dalili yoyote. Madhara ya gesi hii kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Daktari alitupima na kutuagiza turudi mara moja tukianza kukohoa au kubanwa kifua. Leo asubuhi tuko salama.

Naomba mambo matatu. Maabara 214 isitumie kabati lile hadi vishikizo vyote vibadilishwe kwa vya chuma kilichopakwa rangi isiyoliwa na asidi. Kifyonzi cha madini kiwekwe kwenye sanduku la ghorofa. Na tupewe barua ya kuthibitisha kuwa ajali ilitokea wakati wa masomo: bima ya wanafunzi wa kigeni inaitaka ndani ya siku 7, na bila barua hiyo gharama za zahanati tutazilipa wenyewe.

Niko tayari kuja ofisini kueleza zaidi, siku yoyote baada ya saa 8 mchana.

Viambatisho: picha mbili za rafu, nakala ya karatasi ya zahanati.