Zoezi: Makadirio, Darasa la Tano

Kanuni: tazama tarakimu ya kulia kwa ile unayokadiria. 5 au zaidi, ongeza 1. Chini ya 5, iache. Kadiria kabla ya kukokotoa, si baada, la sivyo utavuta makadirio yafuate jibu lako.

Mfano: mchele kilo 4 kwa sh 2,850 kila kilo, mafuta lita 3 kwa sh 5,900 kila lita.
4 × 3,000 + 3 × 6,000 = 30,000.
Bei zote zimepandishwa, hivyo jibu halisi liko chini kidogo: 29,100.

1. Kwa bidhaa za mfano huu, muuzaji anadai sh 39,100. Je, inawezekana?

2. Mwanafunzi kaandika 412 × 19 = 4,120. Kadiria, kisha zidisha kwa mistari na uoneshe mstari alipokosea. (Chunguza nafasi ya makumi.)

3. Makadirio yanatosha wapi: nauli ya kubeba safarini, kipimo cha dawa, chenji? Toa sababu.