Khalid alitokaje?

Basi, mizinga imenyamaza. Vita vya Waingereza na Zanzibar, vilivyoanza saa tatu asubuhi, Agosti 27, 1896, havikufika hata saa nne. Jumba la Sultani linawaka. Lakini Khalid bin Barghash mwenyewe, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, hayumo. Amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, hapo hapo mjini Unguja.

Wajerumani wamekataa kumtoa. Nje, askari wa Waingereza wanamsubiri usiku na mchana. Akikanyaga tu ardhi ya Unguja, amekwisha.

Na bado, Oktoba 2, aliondoka. Machoni pao! Akafika Dar es Salaam salama.

Hakuchimba handaki, wala hakujifunika buibui. Najua wengi wenu mmeshaliwaza hilo. Nitawaachia kidokezo kimoja: muulizeni mvuvi yeyote wa pwani bahari hufanya nini mara mbili kwa siku.

Jumatano ijayo, saa moja jioni, tunaingia kwenye bustani ya ubalozi ule. Ukipata jibu kabla, nitumie ujumbe wa sauti. Atakayepatia kwanza, sauti yake ndiyo itakayofungua kipindi, kabla mimi sijasema neno.

Haya, kwaherini.