Mama mdogo, picha ya dawa nimeiona

Shikamoo mama mdogo. Picha imefika saa 3 usiku, nikasubiri swali, halikuja. Nikapiga, simu haipatikani. Najua tena, Mbagala umeme ukikatika na chaji inakwenda. Basi naandika, utasoma ikiwaka.

Kwanza sijui dawa ni ya nani. Yako? Ya baba mdogo? Au ya mtoto? Jibu hilo kabla ya yote, maana nitakayoandika hapa ni habari za dawa yenyewe tu, sijamwona mgonjwa. Na mimi ni nesi, si mfamasia.

Kwenye boksi nasoma Metronidazole 400 mg. Ndiyo hiyohiyo watu wanayoiita flajili. Inaua amiba, jiadia na baadhi ya bakteria, kwa hiyo hutolewa kwa kuhara kwa aina fulani, fizi zilizooza, na maambukizi mengine ya wanawake. Si dawa ya kila tumbo linalouma. Kuhara kwingi huletwa na virusi, na hapo flajili haina kazi.

Kinachonisumbua ni ile bahasha. Mwandiko wa aliyekuuzia nimeukuza picha mpaka macho yameuma: ni 1 x 3 au 2 x 3? Wengi tumezoea vidonge vya 200, ambavyo 2 x 3 ni 400 kila mara. Vyako ni vya 400, kwa hiyo 2 x 3 ni 800 kila mara. Kuna ugonjwa ambao daktari huandika 800 kwa mtu mzima, sikatai, lakini pia inawezekana mtu kaandika kwa mazoea ya 200. Mimi kwa picha siwezi kujua, na wewe usikisie. Mfamasia ndiye wa kusema, akishajua mgonjwa anaumwa nini.

Hiyo "x 3" maana yake ni mara tatu kwa siku, yaani takriban kila baada ya saa nane. Sio saa nane mchana tu, mama mdogo, usinicheke, nimeshawaona watu wodini. Mfano: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Unameza na chakula au baada ya kula, na maji ya kutosha. Mdomoni unaweza kuhisi ladha ya chuma, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hayo huwa yanapita. Siku ulizoandikiwa umalize hata ukipata nafuu mapema, na zikibaki usimpe jirani.

Pombe hapana kabisa, wakati wa dozi na angalau siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Mtu anaweza kutapika, uso ukawaka moto, moyo ukaenda mbio. Mwambie baba mdogo mnazi wa Jumamosi usubiri, kama dawa ni yake. Angalia pia dawa ya kikohozi, nyingine zina pombe ndani.

Na hapa ndipo nilipoogopa hasa. Baba mdogo bado anatumia warfarin, ile ya kuzuia damu kuganda? Flajili huizidishia nguvu, mtu akaanza kutoka damu kwenye fizi, puani, au kupata choo cheusi. Kama dawa ni yake, asimeze kwanza mpaka aongee na daktari wake au mfamasia. Kama keshameza, nipigie usiku huuhuu. Akitokwa damu, msinisubiri, nendeni hospitali. Hivyohivyo kama mtu anavimba uso, anapata vipele mwili mzima, anapumua kwa shida, au anahisi ganzi miguuni na mikononi.

Tarehe ya mwisho wa dawa siioni, kidole chako kimeifunika. MFG naiona, EXP hapana. Piga tena picha boksi lote, mbele na nyuma, na ile karatasi ya vidonge yenyewe.

Asubuhi nenda famasi yenye mfamasia, sio kijana aliyeachiwa duka. Chukua boksi, bahasha, cheti kama kipo, na dawa zote nyingine anazotumia mgonjwa, hata za mitishamba. Uliza haya: dozi ni kidonge kimoja au viwili, kwa siku ngapi, na kama zinapatana na hizo nyingine. Kama mgonjwa ni mjamzito, ananyonyesha au ana tatizo la ini, sema bila kuulizwa. Ikiwa ni mtoto, mpe mfamasia uzito wake. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Nipo zamu mpaka saa 1 asubuhi. Simu ipo mfukoni, inatetema.